Kampuni inatoa 4%, we unaweka ngapi? Kagua mechi ya 401(k) kwa slipu yako mwenyewe

Hii naiandikia sisi tuliopo Marekani tunaopiga shifti kwenye nasingi homu, maghala na viwanda, ambao kwenye slipu kuna kalaini kameandikwa `401K`, kila wiki mbili kanakata hela, na hatujawahi kukaa chini tukauliza kanafanya nini. Leo tunatafuta jibu la kitu kimoja tu, kama unachokatwa kinatosha kuvuta hela yote ambayo mwajiri ameahidi kukuongezea. Hiyo nyongeza ya mwajiri nitaiita mechi, ndivyo tunavyoiita kazini, na sio ile ya Simba na Yanga.

Nadhani shida yetu inaanzia tulikotoka. Tanzania, NSSF ni 20% ya mshahara, kawaida we unakatwa 10 na mwajiri anaweka 10, Kenya ni 6 kwa 6 mpaka kikomo cha mshahara kilichowekwa, na hakuna mtu anayekuja kukuuliza ungependa kuweka ngapi. Kwahiyo tunafika huku tukijua ya mwajiri inakuja yenyewe. Na kweli ipo inayokuja yenyewe, ile Social Security, 6.2% yako na 6.2% yake, kwenye slipu inaandikwa `OASDI` au `Soc Sec`. Ila 401(k) ni mfuko wa akiba ya uzeeni wa kampuni, na mechi yake inafuata mkono wako: ukiweka kidogo anaweka kidogo, usipoweka kitu kwenye mifuko mingi hupati kitu.

Mimi siku ya kwanza kazini yule mama wa ofisi ya utumishi alituambia "kampuni inatoa 4%". Nikajiona mjanja, nikaingia kwenye tovuti nikaweka 4%, nikafunga, nikaendelea na maisha miaka miwili. Sikujua kwamba kupata ile 4 yao ilitakiwa niweke 5 yangu. Twende taratibu.

Hatua ya kwanza: kusanya makaratasi

Unahitaji slipu tatu za karibuni (hakikisha moja ina ovataimu na moja haina, utaona kwanini), na kile kitabu cha sheria za mfuko kinachoitwa `Summary Plan Description`, wengi wanaandika `SPD`. Kitabu hiki ni haki yako kwa sheria ya ERISA ya mwaka 1974, wanatakiwa wakupe ndani ya siku 90 tangu uwe mwanachama wa mfuko. Mara nyingi kimelala kwenye tovuti ya mfuko, sehemu iliyoandikwa `Plan Documents`. Kama hakipo, andika barua pepe ofisini ukiomba, usiombe kwa mdomo maana mdomo hauna tarehe.

Usije ukatumia kile kipeperushi cha kurasa mbili chenye picha ya wazee wanacheka ufukweni, kile ni tangazo. Kanuni ziko kwenye kitabu.

Kitabu kina kurasa nyingi lakini husomi zote. Fungua kwenye simu au kompyuta, tafuta maneno manne: `Matching`, `Compensation`, `True-up` na `Vesting`. Hayo tu ndiyo yanatuhusu leo.

Hatua ya pili: ijue kanuni ya mechi inasemaje hasa

Chini ya `Matching` utakuta sentensi kama hii, ni moja ya zinazotumika sana:

```
100% of the first 3% of compensation,
plus 50% of the next 2%
```

Maana yake, kwa ile 3% ya kwanza ya mshahara unayoweka, mwajiri anakulipia dola kwa dola. Kwa 2% zinazofuata anakulipia nusu dola kwa kila dola yako. Ukizidi 5% haongezi kitu. Sasa hesabu juu kabisa anatoa ngapi: 3 nzima, jumlisha nusu ya 2 ambayo ni 1, jumla 4. Ndiyo ile "kampuni inatoa 4%" tuliyoambiwa. Ni kweli hawakudanganya, lakini namba ya kuweka kwenye tovuti ni 5.

Ukiweka 4 kama mimi, unapata 3 nzima na nusu ya 1, jumla 3.5. Ukiweka 3 unapata 3. Na hapo kwenye 3 ndipo wengi wamekwama bila kujua, kwasababu kampuni nyingi zinakuingiza kwenye mfuko zenyewe ukianza kazi na wanapenda kuanzia 3%, halafu mtu anasema aah mimi tayari nipo kwenye mfuko, basi.

Kanuni nyingine utakayokutana nayo ni `50% of the first 6%`. Hapo mwajiri anatoa 3% kama we umeweka 6. Tena watu wanasikia "kampuni inatoa 3%" wanaweka 3 wanapata 1.5. Ni kosa lile lile limebadilisha nguo tu. Kwahiyo ukisoma kanuni tafuta namba moja, ni asilimia ngapi YAKO ndiyo ya mwisho kulipiwa. Hiyo ndiyo shabaha yako, iandike pembeni.

Hatua ya tatu: asilimia ya hela gani?

Hapa ndipo penye utamu na ndipo penye ugomvi. 5% sawa, lakini 5% ya nini? Sisi watu wa shifti slipu zetu zina laini nyingi, kuna `Regular`, kuna `Overtime`, kuna nyongeza ya usiku, kuna bonasi ya kuja siku ambayo hakuna mtu, kuna likizo. Kila mfuko unaamua ni laini zipi zinahesabika kuwa mshahara kwa ajili ya mechi, na imeandikwa kwenye sehemu ya `Compensation`. Wengine wanahesabu kila kitu. Wengine wanasema ovataimu na bonasi hazimo. Soma hiyo aya polepole, hasa maneno `excluding` na `including`.

Jambo moja la uhakika: hesabu haifanywi kwenye ile hela inayoingia benki. Inafanywa kwenye mshahara kabla ya kodi na makato. Nimeona mtu anagawanya kwa hela iliyoingia benki, anajikuta ana 6% anafurahi, kumbe ana 4 na kitu.

Hatua ya nne: piga hesabu kwenye slipu

Tuchukue slipu ya mfano, inafanana sana na yangu ya wakati ule. Wiki mbili, saa 80 kwa dola 21, na saa 12 za ovataimu kwa dola 31.50:

```
Regular    80 x 21.00 = 1,680.00
Overtime   12 x 31.50 =   378.00
Gross                   2,058.00
401K                       82.32
```

Chukua makato gawanya kwa mshahara: 82.32 gawanya kwa 2,058 unapata 0.04, yaani 4%. Mfuko huu kitabu kinasema ovataimu imo, kwahiyo tunagawanya kwa 2,058 nzima na tuko sawa.

Sasa mechi inayotakiwa kuingia. 3% ya 2,058 ni dola 61.74, hiyo analipa nzima. Ile 1% iliyobaki ni dola 20.58, analipa nusu, dola 10.29. Jumla 72.03. Ningeweka 5%, makato yangu yangekuwa 102.90 na mechi ingekuwa 82.32. Tofauti ya mechi ni dola 10.29 kwa slipu, na slipu ziko 26 kwa mwaka, ukizidisha ni dola 267.54 ambazo niliziacha mezani kila mwaka kwa kutosoma sentensi moja. Aliyekwama kwenye 3% anaacha mara mbili ya hiyo, dola 535.08.

Hela unayopungukiwa mfukoni ukipanda toka 4 kwenda 5 sio dola 20.58 zote kama makato yako ni ya kawaida, yale yanayokatwa kabla ya kodi ya mapato. Kama uko kwenye ngazi ya kodi ya 12%, ile ya serikali kuu peke yake inakurudishia kama dola mbili na nusu hivi, kwahiyo unaisikia kama dola 18. Ukichagua `Roth` unakatwa baada ya kodi, unaisikia yote 20.58. Kwa upande wa mechi haijalishi, kawaida zote mbili zinalipiwa sawa.

Walioweka dola badala ya asilimia

Hawa nawatenga kwasababu slipu zao zinadanganya. Tovuti nyingi zinakuruhusu kuandika kiasi cha dola, na mtu anaona rahisi, anapiga hesabu siku ambayo slipu yake haina ovataimu: 5% ya 1,680 ni 84, basi naweka 84. Safi kabisa. Wiki inayofuata anapiga saa 12 za ziada, mshahara unakuwa 2,058 na makato bado 84. Sasa 84 ni 4.08% tu. Mechi yake inakuwa 61.74 jumlisha nusu ya dola 22.26 zilizobaki, yaani 11.13, jumla 72.87, wakati ingekuwa 82.32. Amepoteza dola 9.45 kwenye wiki ambayo ndiyo amechoka kuliko zote. Na ukiongezwa mshahara ndio kabisa, dola zinabaki pale pale. Ingia, badilisha iwe asilimia.

Ndiyo maana nikasema uwe na slipu yenye ovataimu na isiyo nayo. Ukikuta makato ni kiasi kile kile kwenye zote mbili, basi kuna mawili, aidha umeweka dola, au mashine ya mishahara haihesabu ovataimu. Jua ni lipi kabla hujapiga simu.

Namna ya kuwakamata kama mfumo unakosea

Kuna dada tulikuwa naye shifti ya usiku, yeye aliweka 5% sawasawa, asilimia sio dola. Slipu yake siku ya ovataimu ilikuwa 2,058 kama ya mfano, lakini makato yalisoma 84.00. Akaniletea akilalamika mbona mimi ni 4.08%? Nikamwambia gawanya 84 kwa 1,680. Ikatoka 5% kamili. Maana yake mashine ya mishahara ilikuwa inaangalia laini ya `Regular` peke yake, ovataimu inairuka.

Huu ndio mtihani mzuri kuliko yote na hauhitaji utaalamu: gawanya makato kwa mshahara wote, halafu gawanya kwa mshahara wa kawaida peke yake, ile inayotoka namba kamili ndiyo wanayoitumia. Halafu rudi kwenye kitabu. Kama kitabu kinasema ovataimu haimo, basi hakuna kosa, mechi yako ni 4% ya 1,680, dola 67.20, na ile 4.08% ilikuwa hofu ya bure. Lakini kwa huyu dada kitabu kilisema ovataimu imo. Kwahiyo alikuwa anakosa dola 15.12 za mechi kwa slipu ya namna hiyo, na yeye ni mtu wa ovataimu karibu kila wiki.

Ofisini jibu la kwanza lilikuwa "mfumo ndivyo ulivyo". Usibishane. Alichofanya ni kuandika barua pepe, akaambatanisha ule ukurasa wa `Compensation` na slipu mbili, akaandika hesabu kwa mistari mitatu na kuuliza lini itarekebishwa. Kosa hili la kutumia mshahara tofauti na uliotajwa kwenye kitabu linajulikana sana, IRS wenyewe wanaliorodhesha kwenye makosa ya kawaida ya mifuko ya 401(k) na wana utaratibu wa mwajiri kulisahihisha, ikiwemo kurudisha mechi iliyokosekana na faida ambayo ingepatikana. Ilichukua miezi, lakini hela iliingia.

Wakikuzungusha kabisa, Wizara ya Kazi ya Marekani ina idara inaitwa EBSA, simu 1-866-444-3272, haina malipo. Na sheria hiyo hiyo ya ERISA inamkataza mwajiri kukufukuza au kukuadhibu kwa kudai haki yako ya mfuko.

Hatua ya tano: hakikisha mechi imeingia kweli

Slipu inaonyesha kilichotoka kwako. Mechi kwenye slipu nyingi haionekani, au ipo chini kabisa pembeni kwenye sehemu ya vitu anavyolipa mwajiri. Kwahiyo ingia kwenye akaunti ya mfuko, fungua `Transaction History`, utaona mistari miwili tofauti, yako na ya mwajiri. Linganisha na hesabu yako ya hatua ya nne. Senti moja mbili sio ishu.

Kabla hujapandisha presha kwamba mechi haijaingia, rudi kitabuni uone wanaiweka lini. Kuna wanaoweka kila slipu, kuna kila robo mwaka, kuna wanaoweka mara moja mwaka ukiisha na wanataka uwe bado kazini siku ya mwisho ya mwaka. Hiyo ya mwisho uijue kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi mwezi wa kumi na moja.

Yako wewe ni habari nyingine. Hela iliyokatwa kwenye slipu inatakiwa iingie kwenye mfuko mapema iwezekanavyo, na mwisho kabisa ni siku ya 15 ya kazi ya mwezi unaofuata. Imekatwa na mwezi na nusu umepita haionekani, piga ile simu.

Wale wa "nitafidia baadaye"

Tunarudi toka nyumbani mwezi wa kwanza, tiketi, zawadi, harusi mbili na mchango wa msiba, kadi imejaa. Mtu anazima 401(k) mpaka mwezi wa sita halafu anasema nusu ya pili nitaweka 10%, kwa mwaka inakuwa 5% ile ile. Kwa makato yako ni kweli. Kwa mechi inategemea hilo neno `True-up`.

Kama mfuko unapiga mechi slipu kwa slipu na hauna hiyo `True-up`, slipu 13 za mwanzo umepata sifuri, na 13 za mwisho umepata 4% tu kila moja, haijali kwamba umeweka 10. Kwa mshahara wa 1,680 hiyo ni 67.20 mara 13, dola 873.60, wakati mwenzako aliyeweka 5% mwaka mzima kapata 1,747.20. Mmeweka sawa, kapata mara mbili yako. Kama mfuko una `True-up`, mwaka ukiisha wanapiga hesabu ya mwaka mzima na kukujazia tofauti. Hukuikuta kwenye kitabu? Uliza kwa maandishi, na mpaka wakujibu chukulia haipo. Umebanwa, shusha mpaka 3% badala ya kuzima, ile 3 ndiyo inalipiwa dola kwa dola.

Na hiyo mechi ni yako lini?

Unachoweka wewe ni chako siku hiyo hiyo. Cha mwajiri kinategemea sehemu ya `Vesting`. Kuna mifuko inakupa yote papo hapo. Kuna inayosema ukiondoka kabla ya miaka mitatu hupati hata senti ya mechi, ukifika mitatu unapata yote. Na kuna ya ngazi, inaanza 20% ukifika miaka miwili, inapanda 20 kila mwaka mpaka ya sita. Sisi tunaohama kazi kwa kufuata dola moja ya ziada kwa saa tunatakiwa tuangalie hapa, maana unaweza kuondoka mwezi mmoja kabla ya mechi ya miaka mitatu kuwa yako. Tarehe ya kuanza kazi ipo kwenye akaunti, hesabu mwenyewe.

Kubadilisha

Kwenye tovuti ya mfuko tafuta `Change Contributions`, andika ile namba ya shabaha kwa asilimia. Ukikuta kitufe cha kujipandisha 1% kila mwaka, sio lazima kwa ajili ya mechi, maana ukishafika kwenye shabaha hakuna mechi zaidi, hiyo ni mipango yako. Piga picha ya ukurasa wa uthibitisho wenye tarehe. Kawaida inachukua slipu moja mpaka mbili kuanza, kwahiyo usiangalie ya kesho kutwa ukasema hawajabadilisha. Chukua ya tatu, gawanya tena makato kwa mshahara. Ikitoka 0.05 kamili, fungua akaunti uangalie na mstari wa mwajiri.